Kadi Isiyoomba Kitu

Desemba ikifika, kadi za Krismasi ziliuzwa Emali kando ya barabara kuu ya Mombasa, zimebanwa kwa vibanio vya nguo kwenye uzi, katikati ya wauza miwa na wachoma nyama waliokuwa wakingojea malori. Nyingi zilikuwa na picha ya theluji. Sisi tuliotoka upande wa Mulala hatukuishangaa, maana asubuhi isiyo na mawingu Kilimanjaro huonekana kutoka Emali, na mama alipoziona alisema tu kwamba hao waliochora wamekosea milima, wameweka mingi mno. Akachagua kadi yenye maandishi machache kuliko zote. Hiyo ilikuwa mwaka 1987, nami nilikuwa darasa la saba.

Kadi hiyo ilikuwa ya kupelekwa kwa mjomba, Mombasa. Mama na mjomba walizaliwa wawili tu kwa nyanya yangu, na walikuwa hawajasemezana tangu mwanzoni mwa 1985, siku tuliyomzika nyanya.

Mtu wa Ukambani akisikia mwaka 1984 hahitaji kuelezwa mengi. Mvua za masika zilikatika, mahindi yakaadimika madukani, serikali ikaagiza mahindi ya manjano kutoka ng'ambo. Watu waliokuwa na ng'ombe walidhani wana akiba, kumbe kila mtu alikuwa anauza ng'ombe kwa wakati mmoja na hakuna aliyekuwa na majani ya kumlisha, kwa hiyo bei ikaanguka. Mjomba alikuwa amefanya kazi bandarini Kilindini kwa miaka kadhaa, na kwa mshahara wake alinunua maksai wawili wa kulimia akawaacha nyumbani kwa mama yake. Mama yangu, ambaye alikuwa amerudi kwao na watoto, ndiye aliyewatunza. Katikati ya kiangazi kile aliwauza wote wawili kwa mfanyabiashara aliyekuja na lori, na kilichopatikana kilinunua mahindi ya kutuvusha, na nauli ya kumpeleka nyanya hospitali. Mvua za vuli zilipokuja mwishoni mwa mwaka zilikuwa nzuri sana, lakini wengi kwetu hawakuwa na kitu cha kufunga kwenye plau. Nyanya alifariki muda mfupi baadaye.

Mjomba alifika mazishini, akaona zizi tupu. Kuna jirani aliyemtangulia kumpa habari, na habari yenyewe ilikuwa kwamba maksai waliuzwa na fedha zikaliwa. Alisema kaburini, watu wote wakisikia, kwamba dada yake amemla. Mama naye alimjibu hapo hapo kwamba mtu asiyeonekana wakati wa njaa asije kuhesabu mifupa. Nilikuwa nimesimama kati yao na mahali palipochimbwa. Mjomba aliondoka jioni ile ile, na ile sehemu ya shamba ambayo babu alikuwa amemwonyesha mama kwa mdomo tu, bila karatasi, ikabaki ikining'inia kati yao vilevile.

Kuna jambo moja nimelifikiria sana tangu nilipokuwa mtu mzima. Jaribio la kwanza la kuwapatanisha halikuwa la mama. Krismasi ya mwaka ule ule, ndugu wa babu, mzee wa kanisa na mtu mwema kabisa, alimwandikia mjomba barua ndefu. Aliandika kwamba familia imekaa, imeomba, na imemsamehe yote aliyoyasema kaburini, kwa hiyo aje nyumbani tusherehekee pamoja. Barua haikujibiwa. Mzee alihuzunika, akasema kijana amekuwa na moyo mgumu wa pwani. Mama hakusema kitu mbele yake, ila tulipokuwa tunapepeta mbaazi aliniuliza: "Ukiletewa barua inayosema umesamehewa, na wewe unajua ni wewe uliyeibiwa, utafanya nini?" Nikasema nitaichana. "Basi," akasema, akaendelea kupepeta.

Wengine walishauri njia nyingine. Mama mmoja jirani alikuwa mpenzi wa salamu za redioni. Siku hizo Sauti ya Kenya ilisoma kadi za salamu za wasikilizaji, majina yakifuatana kama reli, na kusikia jina lako hewani kulikuwa jambo kubwa kijijini. Jirani alisema, mtumie salamu za Krismasi redioni, mji mzima wa Mombasa utasikia. Mama alikataa kwa sababu hiyo hiyo. Mjomba angesikia akiwa kazini, wenzake wangemgeukia na kumuuliza habari za huyo dada ambaye hajawahi kumtaja. Angelazimika kuonyesha furaha au kueleza ugomvi, na vyote viwili vingekuwa vya kulazimishwa. Salamu ya hadharani ni nzuri kwa watu wanaopatana. Kwa wasiopatana, inamwekea mwenzako mashahidi.

Na kulikuwa na njia ya wazee, mbuzi na kikao. Mama aliiheshimu, lakini alisema mbuzi anachinjwa kwa watu ambao tayari wanaitikiana salamu. Wazee wakikaa wanauliza nani alianza, na swali hilo likiulizwa kabla watu hawajasalimiana, kila mmoja anakuja na ushahidi wake amefunga mkanda. Aliona hatua ya kwanza lazima iwe ndogo, isiyohitaji mtu yeyote kushindwa. Krismasi ilimpa kisingizio. Katika mwezi huo hata mtu usiyemjua vizuri unaweza kumtakia heri, na kadi ikifika haihitaji kuulizwa imekuja kwa nini.

Basi tukaketi na ile kadi. Mama alisoma Biblia ya Kikamba polepole, lakini mkono wake haukuzoea kalamu, kwa hiyo karani nilikuwa mimi. Hakuniruhusu kugusa kadi yenyewe kwanza. Tuliandika nyuma ya daftari la hesabu, kwa Kikamba, kwa kuwa alisema kaka yake hajawahi kukosana naye kwa Kiswahili na hataanza kusalimiwa kwa lugha ya ofisini.

Maneno ya kwanza aliyonipa yalijaza ukurasa. Alimtakia Krismasi njema, akasema siku ni nyingi, akasema mama yetu angehuzunika huko aliko, akasema yeye hana neno moyoni, akamwomba aje walau Pasaka. Kisha akaniambia nisome. Nikasoma vizuri, kwa sauti ya mashairi ya shule. Akasema, "Hapana. Soma ukiwa umekasirika. Soma kama yeye."

Nilicheka, lakini nilijaribu. Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sijakisahau. Ukisoma kwa hasira, "siku ni nyingi" inakuwa lawama: mbona umekaa kimya? "Mama yetu angehuzunika" inakuwa kiboko, tena anayechapa ni marehemu. "Sina neno moyoni" inamaanisha neno lilikuwepo na lilikuwa la haki yake kuwa nalo. "Uje Pasaka" ni dai lenye tarehe. Mama alisikiliza akiwa ameinama, na kila sentensi iliyomchoma alinyoosha kidole, nikaikata. Tulipomaliza ilibaki Krismasi njema peke yake.

Lakini Krismasi njema peke yake haikumtosha. Alisema hiyo imeshachapishwa na kiwanda, na mjomba angefikiri imetumwa na kanisa. Ilihitaji habari moja ya nyumbani, ili ajue ni mtu amemwandikia. Habari gani? Hapo tulikaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote. Alianza na mwembe walioupanda wakiwa wadogo, kwamba mwaka huu umezaa sana. Akautoa mwenyewe kabla sijausoma, kwa sababu mwembe huo umesimama katika ile sehemu ya shamba inayogombewa, na kusema umezaa ni kama kusema mimi ndiye ninayekula maembe. Akajaribu mahindi, kwamba yamefika magotini. Akakumbuka maksai: mahindi yaliyolimwa na nini? Habari za mbuzi hakuzigusa kabisa. Kila kitu chenye mwenyewe kilikuwa na mwiba ndani.

Mwishowe akapata mto. Mto wetu ni wa mchanga, mkavu karibu mwaka mzima, na mvua za vuli zikinyesha sana milimani unashuka ghafla, maji mekundu yakiburuta magogo. Wakati wanachunga mbuzi wa baba yao, mama na mjomba walikuwa wakinaswa ng'ambo, wakapanda juu ya jiwe fulani kubwa wakangoja maji yapungue, mara nyingine mpaka giza liingie na babu aje na tochi na fimbo. Mto hauna mwenyewe. Hakuna aliyeurithi.

Nakumbuka kadi ilivyokuwa, maana niliiandika kwa hati yangu bora. Juu niliandika jina ambalo nyanya alimwita mjomba utotoni, siyo lile la kazini. Chini yake: Krismasi njema kwako na mkeo na watoto wote. Mvua imenyesha. Juzi mto ulishuka ukafika juu ya lile jiwe letu. Ni mimi dada yako. Na pembeni, kwa herufi ndogo, mama aliniruhusu niongeze: imeandikwa na binti yake wa darasa la saba.

"Watoto wote" nayo ilikuwa na sababu yake. Mama alikuwa amesikia kwamba mjomba amepata mtoto mwingine, na kwa kuulizauliza stesheni angeweza kulipata jina. Alisema akiliandika, mjomba atajua kuna mtu anampelekea habari zake, na ataanza kumtafuta ni nani. Halafu kulikuwa na binti mkubwa wa mjomba, ambaye kwa desturi yetu alichukua jina la nyanya, na kwa hiyo mama alipaswa kumwita "mama". Alitamani sana kumsalimia kwa neno hilo. Aliliacha. "Mwaka huu ni mapema," alisema, na mimi sikuelewa mapema ya nini.

Sahihi aliisisitiza. Mimi niliona haina haja, kwa kuwa nani mwingine angetaja jiwe lile? Lakini mama hakutaka mjomba akae akikisia, wala asaidiwe kukisia na watu. Anayesalimia ajitaje.

Tuliipeleka posta Emali mapema Desemba, kwa sababu karibu na sikukuu mafurushi yalirundikana na kadi inayofika Januari huonekana kama mtu aliyekumbuka baada ya kukumbushwa. Bahasha isiyofungwa ilitozwa stempu ya bei nafuu kuliko barua. Mama alilipa bei ya barua, akailamba na kuifunga. Kadi ingepitia sanduku la posta la kazini kwa mjomba na mikono ya makarani wa pale, naye hakutaka yeyote amtangulie mwenyewe kuisoma, hata kama ndani hamna siri.

Halafu hakuna kilichotokea.

Watu huuliza sana juu ya kuandika salamu na hawaulizi juu ya kukaa kimya baada yake, ilhali sehemu ngumu ni hiyo ya pili. Januari ilipita, Februari ikapita. Yule mzee wa kanisa alitaka kutuma mtu aliyekuwa anakwenda Mombasa aulize kama kadi ilifika. Mama alimwomba asifanye hivyo. Kuuliza kama imefika ni kudai jibu, na hapo salamu ingegeuka deni. Hakutuma kadi ya Pasaka. Hakutuma ujumbe kwa makondakta wa mabasi. Aliniambia tu kwamba Desemba ipo tena mwaka huu.

Oktoba 1988, wiki chache kabla ya mtihani wetu wa KCPE, mwalimu wa zamu aliita majina ya wenye barua kwenye paredi ya asubuhi, kama ilivyokuwa kawaida katika shule zilizotumiwa na kijiji kizima kama sanduku la posta. Aliita jina langu. Ilikuwa kadi ya sakses, kama tulivyoziita, yenye picha ya ua jekundu, mhuri wa posta wa Mombasa. Ndani mjomba alikuwa ameandika maneno machache ya kunitakia heri katika mtihani, akatia sahihi. Mama hakutajwa hata kwa herufi moja.

Nilikimbia nayo nyumbani nikiwa na huzuni kidogo, nikidhani mama ataumia. Aliishika, akaigeuza, akaniuliza: "Amejuaje kwamba uko darasa la nane?" Nikamwambia sijui. "Amehesabu," akasema.

Ndivyo ilivyokuwa. Mjomba aliichukua ile pembe ndogo ya kadi, darasa la saba, akaongeza mwaka. Mtu aliyejeruhiwa mara nyingi hupitia mlango wa pembeni anaporudi, na mlango wenyewe huwa mtoto, kwa sababu mtoto hakuwa upande wowote. Anayengojea lazima autambue huo kuwa ni mlango. Mama angeweza kuharibu yote wakati ule kwa furaha. Jirani yetu alimshauri aandike barua ndefu mara moja sasa kwa kuwa "amelegea". Badala yake aliniambia nimwandikie mjomba asante, ya kwangu mwenyewe, na nisimwekee salamu zake ndani. "Amekuandikia wewe. Mjibu wewe." Nikaandika mtihani ulipokwisha, kwamba Kiswahili kilikuwa rahisi.

Krismasi ya 1988 kadi ya pili ilikwenda. Ilifanana na ya kwanza, ila sasa mama alisema: ongeza "na mama". Yaani yule binti mwenye jina la nyanya. Tulisoma tena kwa hasira, na safari hii neno hilo halikuchoma. Mwaka uliotangulia, nadhani, lingechoma, maana lingefika kama marehemu aliyetumwa kugombeza. Sasa lilikuwa jina la msichana.

Jibu lilikuja Januari, limeandikwa kwa hati ya kitoto iliyoinama kushoto. Mwandishi alikuwa binamu yangu mwenyewe, huyo "mama", akieleza kwamba baba yake anasema haiwezekani mto ufike juu ya lile jiwe, pengine ulifika kiunoni mwa jiwe. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia nijibu kwamba mwenye shaka aje apime.

Hiyo ndiyo mara ya kwanza alipomwita. Alimwita kwa mzaha, baada ya yeye mwenyewe kutia mguu katika mazungumzo.

Alikuja Desemba 1989 kwa treni. Siku hizo treni ya abiria ilitoka Mombasa jioni na kupita kwetu kabla ya alfajiri, ikisimama stesheni ya zamani ya Emali kwa muda mfupi. Leo kuna stesheni mpya ya reli ya SGR, kubwa, yenye taa, na vijana hawajui baridi tuliyoipata kwenye ile ya zamani. Mama hakwenda kumpokea. Alinituma mimi na kaka yangu mkubwa. Nilidhani ni kiburi, mpaka nilipoambiwa maneno yake baadaye: hakutaka wakutane mara ya kwanza mahali ambapo wote wawili wangelazimika kuamua haraka, gizani, kama ni mkono au ni kukumbatiana. Alimngojea nyumbani akiwa na muthokoi jikoni na kazi mkononi, ili wakati anapoingia awe na kitu cha kufanya.

Hawakuzungumza juu ya maksai siku hiyo wala iliyofuata. Walikwenda mtoni. Mto ulikuwa mkavu. Walibishana juu ya jiwe, mjomba akionyesha alama ya maji, mama akionyesha nyingine. Siku ya kuondoka ndipo mjomba alipouliza, akiwa anafunga kamba ya mzigo, ni shilingi ngapi lori lile lililipa kwa maksai wawili. Mama akamtajia. Mjomba akanyamaza, kisha akauliza debe la mahindi lilikuwa bei gani mwezi ule. Akamtajia pia. Aliweza kupiga hesabu mwenyewe, na hesabu ilimwambia kile ambacho barua ya mzee na utetezi wa mama kaburini havikuweza. Mimi siamini kwamba angeipiga hesabu hiyo mwaka 1985. Namba zilikuwa zile zile.

Nisitie chumvi. Salamu haikugawa shamba. Hilo lilikwenda kwa wazee wa ukoo mwaka uliofuata, mbuzi akachinjwa, mpaka ukapandwa mikonge, na mjomba alipata sehemu kubwa kuliko mama alivyotarajia. Mama alinung'unika juu ya hilo mpaka uzeeni. Wala hawakurudi kuwa kama walivyokuwa juu ya lile jiwe. Mjomba alilala kwa mzee wa kanisa kila alipokuja, kwa miaka mingi, siyo kwa dada yake. Pia namjua mwanamke mmoja wa huko Kiboko ambaye kaka yake alimpiga vibaya sana, na watu wakamsukuma amtumie kadi ya sikukuu kwa jina la amani. Hiyo ni habari nyingine kabisa. Njia ya mama ilifaa kwa watu wawili ambao kila mmoja alikuwa na sehemu ya haki na sehemu ya ulimi. Ambako mmoja bado anamwogopa mwenzake, salamu inamrudishia mtesaji anwani.

Nilipata kusikia upande wa mjomba miaka michache iliyopita, akiwa ameshastaafu, mama amekwisha kutangulia. Nilimuuliza alifanya nini kadi ya kwanza ilipofika. Alisema aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akitafuta mtego. Akampa mkewe naye atafute. Walitarajia karo, au habari za msiba, au maneno ya kanisani. "Nilikasirika," aliniambia, "kwa sababu sikuona pa kushika. Barua ya mzee nilikuwa na majibu yake kichwani kwa miaka miwili, sentensi kwa sentensi. Hii nitaijibu nini? Nimjibu mto?" Kisha jioni, akila, akajikuta anamwambia mkewe kwamba maji hayawezi kufika juu ya jiwe lile, na mkewe akamuuliza jiwe gani, ikabidi amweleze, na kumweleza jiwe ni kumweleza dada. Alikuwa hajamtaja nyumbani mwake tangu mazishi.

Niliuliza kwa nini basi hakujibu mpaka Oktoba. Akaniangalia kana kwamba nimeuliza kwa nini ng'ombe hapandi mti. "Ningejibu upesi angefikiri nilikuwa nangoja."

Siku hizi ndugu hukosana kwa simu na kusalimiana kwa simu, na nimeombwa mara kadhaa kusaidia kuandika, labda kwa kuwa nilikuwa mwalimu. Kazi yangu kubwa ni kukata. Na kuna tatizo ambalo mama hakuwa nalo: alama mbili za buluu. Kadi ilipotumbukizwa kwenye sanduku la posta Emali, hatukujua imesomwa lini, na kutojua kulitusaidia kungoja. Sasa mtu anatuma saa tatu, saa tatu na dakika mbili anaona imesomwa, saa nne ameanza kuhesabu dharau. Huwa nawaambia wazime alama hizo kabla ya kutuma, au watume ujumbe mfupi wa kawaida. Nawakataza pia zile picha za Krismasi zinazosambazwa kwa kila mtu, maana anayepokea huziona na kuzifuta pamoja na za benki na za mwanasiasa.

Mwaka juzi kijana wa ukoo wetu anayefanya kazi Doha aliniomba nimsaidie kumwandikia dada yake aliye hapa Emali, ambaye walikosana juu ya fedha za ujenzi. Alinitumia ujumbe mrefu kama mkataba. Nilimpigia nikamwambia ausome kwa sauti ya dada yake akiwa amekasirika. Alisoma, akanyamaza, akaniambia atanitumia mwingine. Wa pili ulikuwa na "ingawa". Tuliondoa "ingawa" na kila kilichoifuata. Mwishowe ukabaki salamu za sikukuu kwake na watoto, na swali kama yule mbwa mzee bado anabwekea treni. Nilimkatalia swali pia, nikamwambia alifanye habari, kwa kuwa swali linadai jibu. Akaandika kwamba juzi alisikia mbwa akibweka usiku huko Doha akamkumbuka yule wa nyumbani.

Alituma asubuhi ya Krismasi. Jibu lilikuja kabla ya mchana, na akanipigia amechanganyikiwa, akanisomea. Dada yake alikuwa ameandika: "Ni nani?"

Alikuwa amebadilisha laini tangu wakosane, wala hakutia jina. Akaniuliza sasa aeleze vipi. Nikamwambia aandike lile jina walilomwita nyumbani akiwa mdogo, asiongeze kitu kingine, halafu aweke simu chini aende akale.